Nazungumza na vijana waliomaliza shule hapa Tanga kuhusu kipato cha mtandaoni. Niwaambie nini kisicho ndoto?

MtuWaRaskazone:
Wakuu, habari za jioni. Klabu ya vijana huku Makorora wameniomba niongee na vijana wao Jumamosi ijayo, dakika 45. Watakuwa kama 40, wengi wamemaliza kidato cha nne, wachache cha sita. Ukumbi una umeme, spika moja kubwa na kompyuta mbili.

Hawa vijana wameshasikia vya kutosha habari za dola 100 kwa siku ukiwa umelala. Nataka watoke wanajua kazi moja tu ya kweli: inafanywaje, inakula saa ngapi na pesa inamfikiaje mtu. Hamasa sitaki, nataka hesabu. Nianzie wapi?

Chumvichumvi:
YouTube mkuu, usijisumbue. Kijana ana simu, anarekodi ngalawa pale Deep Sea, wavuvi wanashusha samaki, anapandisha. Akifikisha wafuasi 1,000 anaanza kulipwa. Mtaji sifuri.

DadaWaKeybodi:
Chumvichumvi, wafuasi 1,000 ni nusu ya sharti. Nusu ya pili ni saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90 kwa zile video fupi. Ukishapita hapo, pesa haitoki mpaka ifike dola 100. Na mapato yakigusa dola 10 Google wanatuma namba ya siri kwa barua, barua ya karatasi kabisa, kwa hiyo kijana wa Makorora asiye na S.L.P. anaanza kuulizia sanduku la jirani. Si kwamba haiwezekani. Ila mtu anayetaka hela ya bando mwezi huu usimpeleke huko.

MtuWaRaskazone, mimi ningechukua kazi moja tu: kuandika mahojiano yaliyorekodiwa. Mtafiti amekaa na wakulima wa mkonge au akina mama kliniki, ana sauti ya dakika 40 kwa Kiswahili, anataka kila neno liwe kwenye karatasi. Wanafunzi wa shahada za juu wanaitafuta huduma hii, miradi ya afya inaitafuta, na zipo kampuni za nje zinazokusanya sauti za Kiswahili. Mtoto wa kidato cha nne anayeandika Kiswahili bila makosa anaiweza. Hahitaji kuwa na wafuasi wala kuonyesha sura.

Hesabu yake sasa, na hii uiandike ubaoni huku wanaangalia.

Malipo yanahesabiwa kwa dakika ya sauti, si dakika unayokaa kwenye kiti. Hapo ndipo wageni wote wanapotegwa. Tuseme mmekubaliana shilingi 500 kwa dakika ya sauti. Dakika 40 ni 20,000. Kijana anaona "dakika 40, elfu 20", macho yanamtoka. Lakini mtu akiongea kawaida anatoa maneno kama 110 kwa dakika. Kijana anayeandika maneno 20 kwa dakika kwenye kompyuta anahitaji dakika tano na nusu kuandika tu, kabla hajarudisha sauti nyuma hata mara moja. Ukiongeza kurudisha, kusikiliza tena na kuweka nani kasema nini, anayeanza ahesabu dakika 8 za kazi kwa kila dakika ya sauti, na hapo sauti iwe safi.

Dakika 40 mara 8 ni dakika 320. Halafu lazima asikilize yote upya huku anasoma alichoandika, anasimama na kusahihisha. Weka dakika 80. Jumla dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40. Toa bando la 2,000, inabaki 18,000. Gawa, unapata kama 2,700 kwa saa.

Hiyo 2,700 ndiyo waondoke nayo kichwani. Kwa mtu anayekaa kwao si hela ya kudharau. Wala si dola 100 ukiwa umelala.

Fundi_Masafa:
Naunga mkono, ila 8 hiyo ni ya sauti nzuri. Mahojiano mengi yanarekodiwa kwa simu iliyowekwa mezani, feni inazunguka, jogoo anawika, bodaboda anapita. Au ni watu sita wanaongea kwa pamoja. Hapo inakwenda 12. Dakika 40 mara 12 ni 480, jumlisha 80 za kusahihisha, unapata saa 9 na dakika 20. Elfu 18 ile ile inashuka chini ya 2,000 kwa saa.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: usitaje bei kabla ya kusikia sauti. Omba vipande vitatu vya dakika moja moja, cha mwanzo, cha katikati na cha mwisho. Cha katikati ndicho kinachosema ukweli, maana mwanzoni kila mtu yuko karibu na simu na anaongea kwa adabu. Andika hicho kipande huku saa inahesabu. Kikikuchukua dakika 12, bei ya 500 haikufai, sema 750 au kataa.

KijanaWaPongwe:
Shikamooni wakubwa. Samahani kama nimeingilia. Mimi nimeunganishwa kwenye kundi la WhatsApp, kazi ni kulike video, unalipwa 3,500 kwa siku. Wiki ya kwanza nimelipwa kweli. Sasa wanasema nikiweka 120,000 napanda daraja la pili nalipwa 12,000 kwa siku. Hii nayo ndiyo kazi mnayozungumzia au ni nyingine?

Fundi_Masafa:
Marahaba. Ni nyingine kabisa, na hiyo laki na ishirini usiitume.

Jiulize nani ananunua hizo like zako. Kwenye kazi ya kuandika mahojiano mnunuzi anajulikana: mtafiti anahitaji maandishi, anayalipia. Huko kwenu hela ya kukulipa 12,000 inatoka kwa kijana mwingine aliyeweka 120,000 jana. Wakiacha kuingia wapya, kundi linafungwa usiku na namba hazipatikani. Yale malipo ya wiki ya kwanza ni chambo. Wazazi wako waulize kuhusu DECI ya 2009, mtindo ni ule ule, ila sasa uko kwenye simu.

Na usimuingize mtu mwingine hata kama wanakupa kamisheni. Likianguka, atakayegongewa mlango ni wewe.

KijanaWaPongwe:
Nimekuelewa kaka. Ila nimeshamuingiza dada yangu.

Fundi_Masafa:
Mwambie leo, kabla hajaweka. Na salio lililopo jaribuni kulitoa lote sasa hivi. Wakiwaambia mlipe kwanza ada ya kutolea, msilipe, hiyo hela imeshakwenda.

MtuWaRaskazone:
Asante kijana kwa kuuliza, hilo nitalitaja ukumbini maana hauko peke yako. Dada, tuendelee. Kompyuta ni mbili tu na vijana 40. Zoezi nitalifanyaje?

DadaWaKeybodi:
Kompyuta ziache pembeni mwanzoni, wape karatasi na kalamu. Rekodi dakika moja ya watu wawili wanaongea kawaida, na uwaombe ruhusa kabisa. Usitumie taarifa ya habari, mtangazaji anaongea kama kitabu. Cheza kwenye spika sekunde tano, simamisha, waandike. Wakipiga kelele "rudia", rudia. Mmoja ashike saa. Dakika moja ile itakula dakika kumi na zaidi, na hutahitaji kumweleza mtu tena kwa nini dakika ya sauti si dakika ya kazi.

Kisha wasome walichoandika. Utakuta makosa mawili makubwa. La kwanza, wamesafisha. Mzee kasema:

"Aah, sisi, sisi tulikuja hapa… baba alikuja kama manamba, yaani, akawekwa huko korona."

Kijana ataandika: "Baba alikuja kufanya kazi kiwandani." Kiswahili kizuri, lakini kazi imekataliwa. Kama mteja anataka neno kwa neno, basi "aah", "yaani" na "sisi, sisi" vyote vinabaki. Kama anataka iliyosafishwa, vigugumizi vinatoka, ila "manamba" na "korona" havibadilishwi na mtu yeyote. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mteja ni moja tu: neno kwa neno au iliyosafishwa? Ajibu kwa maandishi.

Kosa la pili ni kubahatisha. Asichosikia anakitunga. Hapo anatakiwa aandike `[haisikiki 00:12:35]` na aendelee. Mtafiti anafungua sekunde hiyo, anasikiliza mwenyewe, maisha yanaendelea. Neno la kutunga halijulikani mpaka liingie kwenye ripoti ya mtu.

Mzigua_Asili:
Hapo kwenye korona umenikosha. Hiyo sauti mpe mtu asiyeyajua mashamba ya mkonge, ataandika babu kapelekwa kwenye ugonjwa, kumbe ni kwenye mtambo wa kuchakata mkonge. Vijana wa Tanga, Korogwe na Muheza wanayajua maneno haya tangu utoto. Wajitangaze kwa hilo: mahojiano ya mkonge, ya uvuvi, yenye Kidigo au Kibondei kilichochanganyika ndani. Huko hawashindani na kila mtu.

DadaWaKeybodi:
Kweli kabisa, na mchanganyiko wa lugha una bei yake. Akikubali kuandika Kibondei na kukitafsiri, hizo ni kazi mbili, zitajwe mbili.

Kwenye kompyuta mbili muonyeshe oTranscribe. Ni bure, inafunguka kwenye kivinjari, sauti na ukurasa wa kuandikia viko pamoja. Kitufe cha `Esc` kinacheza na kusimamisha, `F1` inarudisha nyuma, `F3` inapunguza kasi, na `Ctrl+J` inaweka muda. Mikono haitoki kwenye keybodi, na hiyo peke yake inaokoa muda mwingi kuliko kuchezesha sauti kwenye simu huku unaandika kwenye kompyuta. Laptopu nyingine inabidi ubonyeze `Fn` pamoja na `F1`, wajulishe mapema wasiseme programu imekufa.

Na onyo moja la hapo. oTranscribe inahifadhi kazi ndani ya kivinjari cha kompyuta ile ile, hakuna akaunti wala nakala mtandaoni. Mtu akifanya saa tatu kwenye intaneti kafe, kesho akakuta mwenye kafe kafuta historia na data za kivinjari, kazi haipo. Na ikiwa haijafutwa ni mbaya zaidi, maana anayekaa kiti kile anasoma mahojiano ya watu. Kila anaposimama atoe nakala kwa kitufe cha kuhamisha, aiweke kwenye flashi yake, kisha afute iliyobaki.

Chumvichumvi:
Sawa, YouTube nimeiweka kando. Ila kwenye bando mnatisha watu bure. Sauti ya dakika 40 ni MB ngapi? Ishirini tu.

Fundi_Masafa:
Inategemea faili. Mp3 ya kilobiti 64 inakula karibu nusu MB kwa dakika, kwa hiyo 20 yako ni sahihi. Lakini vinasa sauti vingi vya watafiti vinatoa wav, na wav ya kawaida ya stirio ni kama MB 10 kwa dakika. Dakika 40 ni MB 400. Watafiti wengine wana mahojiano 25 ya namna hiyo. Kijana amwombe mteja aibadilishe kabla ya kutuma. Mteja mwenye `ffmpeg` anaandika mstari mmoja:

```
ffmpeg -i mahojiano01.wav -ac 1 -b:a 64k mahojiano01.mp3
```

Kwa maongezi hiyo inatosha, sikio halipotezi kitu cha maana.

Bando siyo gharama kubwa ukilinganisha na kafe. Asiye na kompyuta akikaa kafe ya 1,000 kwa saa, zile saa 6 na dakika 40 zinakula karibu 7,000. Anabaki na 13,000, chini ya 2,000 kwa saa. Klabu ikiziachia zile kompyuta mbili kwa zamu asubuhi, imewasaidia vijana kuliko hotuba nzima.

MtuWaRaskazone:
Hilo nitalipeleka kwa viongozi wao. Sasa malipo. Mtafiti wa hapa nchini anatuma kwa simu, hilo naelewa. Na kampuni za nje?

DadaWaKeybodi:
Hapo uwe mkweli kupita kiasi. PayPal usiwaahidi, akaunti ya Tanzania watu wanaitumia kulipa, kupokea ndiyo shida. Nyingi zinalipa kwa Payoneer, na hiyo unaitoa kwenda benki ya hapa. Lakini fanya hesabu tena. Tuseme wanalipa nusu dola kwa dakika ya sauti. Dakika 40 ni dola 20. Kutoa kwenda benki kunaanzia dola 50, kwa hiyo anahitaji dakika 100 za sauti. Kwa kasi ya anayeanza, 8 za kuandika na 2 za kusahihisha, hizo ni dakika 1,000 za kazi, karibu saa 17, kabla hajaona senti. Na kuna ada ya mwaka ya dola 29.95 kwa aliyepokea kiasi kidogo ndani ya miezi 12. Akitengeneza dola 200 mwaka mzima, asilimia 15 imekwenda hapo, bado makato ya kubadilisha fedha. Wausome ukurasa wa ada kabla ya kujiandikisha, ada hubadilishwa.

Ndiyo maana ningewaambia waanze na wateja wa ndani wanaolipa kwa simu, nusu mwanzo na nusu wakikabidhi. Mteja mpya ambaye hataki kutanguliza, wamfanyie dakika 10 za kwanza, alipe hizo, ndipo waendelee.

Chumvichumvi:
Na vitambulisho? Wa kidato cha nne wengi hawajafika 18.

Mzigua_Asili:
Watumie akaunti ya kaka au mama, tatizo nini?

DadaWaKeybodi:
Kwa mteja wa hapa, mama akipokea kwa namba yake hakuna neno. Kwa Payoneer na mitandao ya kazi kama Upwork ni tatizo. Umri ni 18, na anayefanya kazi ndiye anayetakiwa kuwa mwenye akaunti. Siku wakiomba apige picha na kitambulisho, sura haifanani, akaunti inafungwa na pesa iko ndani.

Hata waliofika 18 wanakwama kwa vitu viwili. Wengi wana namba ya NIDA tu, kadi hawana, na mitandao hiyo inataka picha ya kadi au pasipoti. Pasipoti ni 150,000, usimwambie mtu akaikate kwa ajili ya kazi ambayo hajaijaribu. Pili ni majina. NIDA imeandikwa Mohamed, benki Muhammed, cheti Mohamedi. Benki ikiwa na jina tofauti na Payoneer, pesa inarudishwa. Hilo wanaweza kulikagua Jumatatu bila kusubiri mtu.

Mzigua_Asili:
Bado sikubali sana. Nyumba ngapi hapa mama ndiye mwenye laini zote za simu na mambo yanakwenda?

DadaWaKeybodi:
Laini za simu sawa. Nazungumzia akaunti ya dola. Tutabishana mpaka alfajiri.

KijanaWaPongwe:
Swali jingine wakubwa. Fundi kaniambia nisitume hela kule kwenye kundi. Lakini huko Upwork nimeona ukiomba kazi unatumia pointi, na pointi zinauzwa. Sasa tofauti na kundi langu ni ipi?

Fundi_Masafa:
Umeniweka pabaya, na una haki. Zinaitwa Connects, moja ni dola 0.15, na tangazo moja linaweza kuzila kumi au zaidi. Tofauti ni kwamba kule mnunuzi wa kazi yupo kweli na pointi zako hazimlipi mwanachama mwingine. Lakini kwa mfuko wako matokeo yanaweza kufanana: unanunua, unaomba kazi 20, hupati hata moja kwa sababu wasifu wako hauna kazi iliyopita. Kwa anayeanza Tanga mimi nasema asinunue. Wengine hapa watasema ni mtaji.

Mzigua_Asili:
Ni mtaji.

MtuWaRaskazone:
Nimeelewa mpangilio: zoezi la karatasi kwanza, hesabu ya ubaoni, kisha vitambulisho na malipo. Wateja wenyewe wapatikane wapi? Nisije nikawafundisha kazi halafu wakakaa.

DadaWaKeybodi:
Wanafunzi wa vyuo wanaokusanya data huku, na wasaidizi wa miradi ya utafiti. NIMR, ile taasisi ya utafiti wa magonjwa, wana kituo Tanga, Taasisi ya Afya Ifakara wana tawi Bagamoyo, na karibu na taasisi za namna hiyo wapo watu wanaofahamu nani ana sauti zimejaa kwenye laptopu. Usimpeleke kijana mikono mitupu. Aende na ukurasa mmoja: upande mmoja kipande cha dakika mbili neno kwa neno, upande wa pili kipande hicho hicho kilichosafishwa, chini bei na muda wa kukabidhi. Kipande kiwe cha sauti aliyorekodi mwenyewe kwa ruhusa. Akionyesha mahojiano ya mteja wa zamani kama sampuli, amejimaliza, maana watafiti wanasainisha fomu ya usiri na wanamuuliza mwandishi wa sauti hilo kabla ya lolote. Sauti haiingii kundi la WhatsApp, hata kuuliza "hili neno ni nini jamani". Kazi ikikabidhiwa na kulipwa, faili linafutwa kwenye simu, kompyuta na flashi.

Na usiwaambie wote 40 watapata. Kazi inakuja kwa mafungu: mwezi huu mahojiano 25, miezi miwili kimya. Katika chumba kile watakaoweza kukaa saa sita na sauti ya mtu mmoja ni wachache, na zoezi la karatasi litakuonyesha ni akina nani. Waangalie wanaoomba "rudia" mara ya nne.

Fundi_Masafa:
Ukumbi ule una mwangwi, spika kubwa itakuharibia zoezi. Ijaribu siku moja kabla ukiwa umekaa kiti cha nyuma kabisa. Kama maneno hayasikiki, wagawe makundi manne, kila kundi na simu yake.

MtuWaRaskazone:
Ijumaa jioni nitakuwepo kuijaribu. KijanaWaPongwe, dada yako kasemaje?

KijanaWaPongwe:
Alikuwa bado hajaweka. Salio letu wanasema tulipe 15,000 ya kutolea. Tumeacha.